Kaunta imerudiwa vanishi: gharama ibebwe na jobu yenyewe au karakana nzima?

Juzi kwenye grupu letu la wasap la wanaojisomea uhasibu mtu katupia swali la gharama za kurudia kazi, basi ikawa vurugu hadi saa sita usiku. Wengine wanasema gharama ya kurudia inaingia kwenye jobu husika, wengine wanasema hapana inaenda ovahedi, mmoja akaja na lake eti inakatwa kwenye mshahara wa fundi. Mi nikacheka maana wiki hiyo hiyo nilikuwa nimetoka kubishana kitu kile kile na bosi wa karakana moja ya fanicha pale Keko, Dar, ambayo naitunzia vitabu. Yeye sio mwanafunzi wa uhasibu na hataki kuwa, ila alikuwa ametoa hela mfukoni na anataka kujua ameipoteza wapi.

Kesi yake ilikuwa ni kaunta ya mapokezi. Mteja mwenye loji alitaka kaunta nyeusi inayong'aa kama kioo, unajiona sura ukisimama mbele yake. Mafundi wakaipiga vanishi, ikakauka, wakaitoa kwenye mwanga wakakuta imejaa vichembe vya vumbi na mistari ya msasa inaonekana kabisa. Ikabidi iteremshwe yote kwa msasa wa maji, ipigwe upya, ipolishwe. Masaa 20 ya fundi yakaondoka hapo na vifaa vya elfu tisini. Bosi akaniuliza, "Mhasibu, hii niandike kwenye kaunta au niandike wapi?" Nikamwambia mzee inategemea, akakasirika, maana wahasibu tunapenda sana hilo neno.

Sasa nataka nieleze inategemea nini hasa, maana ukishaelewa kinachoamua, hili swali halikusumbui tena, iwe kwenye mtihani au karakanani.

Tuanze na maneno. Karakana kama ile haitengenezi kitu kimoja kinachofanana siku nzima kama kiwanda cha sabuni. Kila oda ina mteja wake, vipimo vyake na bei yake, na kila oda inafunguliwa kadi yake yenye namba. Hiyo ndo jobu. Kwenye kadi unaandika mbao na vifaa vilivyoenda pale, unaandika masaa ya fundi, halafu unaongeza fungu la gharama za pamoja, yaani kodi ya eneo, umeme, mshahara wa msimamizi, gundi na misumari midogo midogo, vitu ambavyo huwezi kusema hiki ni cha kaunta na hiki ni cha kitanda. Hayo ya pamoja ndo tunayaita ovahedi.

Ovahedi haisubiri mwaka uishe ndo igawanywe, kwa sababu mteja anataka bei leo. Kwa hiyo mwanzo wa mwaka unakadiria. Karakana yetu ilikadiria ovahedi ya 36,000,000 kwa mwaka na masaa ya mafundi 12,000. Gawanya, unapata 3,000 kwa kila saa. Jobu ikila masaa 100 ya fundi, inabeba ovahedi ya laki 3.

Na kurudia kazi ni nini? Ni kitu kimetoka kibovu, unakirekebisha, kisha unakiuza kama kizima kwa bei yake ileile. Ndo hivyo tu. Kama kimeharibika ukakiuza kwa bei ya kutupa, hiyo ni hasara ya kuharibika, ina hesabu zake. Maranda na vipande vya mbao vinavyobaki chini ni mabaki, nayo ni habari nyingine. Na mteja akibadilisha mawazo akasema sasa nataka rangi ya kahawia, hapo hujarudia kazi bwana, hiyo ni kazi mpya, mwandikie nyongeza alipe. Nimeona watu wanaingiza mabadiliko ya mteja kwenye marudio halafu wanashangaa kwa nini marudio yao ni mengi hivyo.

Sasa mfano ambao nilimpa bosi na akanielewa, ni wa LUKU. Wote tumeishi nyumba za kupanga. Vyumba sita, mita moja, mnachanga. Umeme wa taa ya uani na ya chooni mnachangia wote sawa maana hakuna anayeweza kusema taa ya uani ni ya fulani. Lakini yule dada wa chumba cha mwisho akileta friza anagandisha barafu na juisi za kuuza, mtachanga sawa kweli? Mtamwambia dada yetu friza ni lako, umeme wake lipa mwenyewe. Halafu siku moja waya wa ukutani unaungua usiku, units zinaisha zote kwa siku moja. Hiyo sio ya dada wa friza na wala sio ya kuchanga kama kawaida, hiyo ni ajali, mwenye nyumba anaimeza.

Marudio nayo yana mifuko hiyo hiyo mitatu. Kuna marudio yanayotokana na jobu yenyewe ilivyo, hayo ni friza, yanaenda kwenye kadi ya jobu hiyo. Kuna ya kawaida yanayoweza kuipata jobu yoyote ile kwa sababu ya namna karakana inavyofanya kazi, hayo ni taa ya uani, yanaenda ovahedi na kila jobu inachangia. Na kuna yasiyo ya kawaida, hayo ni ule waya ulioungua, hayaingii kwenye gharama ya bidhaa yoyote, yanaandikwa moja kwa moja hasara ya kipindi hicho. Huo mfuko wa tatu sio ubunifu wangu, kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2, kile kinachohusu bidhaa ghalani, kinasema wazi kwamba upotevu usio wa kawaida wa mali na nguvu kazi haubebwi kwenye thamani ya bidhaa.

Turudi kwenye kaunta tuone namba. Vifaa vyake vilikuwa 1,400,000. Masaa 100 ya fundi kwa 4,000 ni 400,000. Ovahedi nayo, hapa subiri kidogo, maana karakana hii ilikuwa imeshaweka tengo, yaani fungu la kutengwa kabisa, la marudio ya kawaida kwenye bajeti, 6,000,000 kwa mwaka. Kwa hiyo ovahedi yake sio 36,000,000 bali 42,000,000, na kiwango cha saa sio 3,000 bali 3,500. Ile 500 ya juu ndo mchango wa marudio. Shika hiyo 500, tutairudia. Masaa 100 kwa 3,500 ni 350,000. Jumla kaunta imegharimu 2,150,000, imeuzwa 2,800,000, faida 650,000.

Sasa marudio. Vifaa 90,000, masaa 20 kwa 4,000 ni 80,000, ovahedi ya masaa hayo 20 kwa 3,500 ni 70,000. Jumla 240,000.

Ukisema ni ya jobu, unadebiti kazi inayoendelea, kadi ya kaunta, 240,000, unakrediti vifaa, mishahara na ovahedi iliyogawiwa. Kaunta sasa imegharimu 2,390,000 na faida yake imeshuka hadi 410,000. Ukisema ni ya wote, unadebiti akaunti ya ovahedi halisi 240,000 badala ya kadi, upande wa krediti ni ule ule, na kaunta inabaki na 2,150,000 yake na faida yake ya 650,000 inang'aa kama ilivyo yenyewe. Ukisema ni ajali, unadebiti hasara ya marudio yasiyo ya kawaida na kadi haiguswi.

(Kwenye njia ya ovahedi utaona ile 70,000 inatoka ovahedi inaingia ovahedi, kama mtu anayejikopesha. Vitabuni wanaiandika, karakana ndogo nyingi zinaandika tu vifaa na masaa, yaani 170,000. Sina ugomvi na hilo ilimradi hata bajeti ya 6,000,000 uliipiga kwa mtindo huo huo.)

Angalia kitu kimoja hapo. Hela iliyotoka mfukoni ni ile ile kwenye njia zote tatu. Faida ya karakana nzima mwisho wa mwaka, kama kila kitu kimeuzwa, haitatofautiana kwa ajili ya ulikoiandika. Kinachobadilika ni kadi ya kaunta inakuambia nini. Na bosi anapokuja kukota, yaani kumtajia mteja bei ya kaunta nyingine kama hiyo, atatazama kadi hii.

Sasa unajuaje ni mfuko upi? Mi natumia swali moja. Ingekuwa siku hiyo, kwenye karakana hiyo, kwa mafundi hao hao, inatengenezwa oda ya mteja mwingine, tatizo lingetokea? Kama jibu ni ndio, lingempata yeyote, basi ni ovahedi. Kama jibu ni hapana, limetokea kwa sababu oda hii ina ugumu wake, basi ni ya oda hii.

Chukua masika ya Dar, Machi hadi Mei. Hewa ina maji mengi. Fundi akipiga vanishi yenye thina inayokauka haraka, thina inaporuka inaupoza uso wa mbao, unyevu wa hewani unaganda pale juu kama jasho kwenye chupa ya soda ya baridi, unanaswa ndani ya vanishi na mbao inageuka nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Kila mtu wa Keko anaijua hii. Inabidi ipigwe tena thina ya taratibu au iteremshwe ipigwe upya. Iliyopigwa siku hiyo inaweza kuwa kabati, meza au mlango, haijalishi, ilikuwa tu zamu ya kitu hicho kupigwa siku ambayo mvua imetoka kunyesha. Ukiipachika kwenye kadi ya kabati utakuwa unasema makabati ni ghali kuliko meza kwa sababu tu kabati lilipigwa Jumanne. Hiyo ni taa ya uani.

Lakini kaunta nyeusi ya kioo? Vumbi lile lile likianguka kwenye dawati la shule lililopigwa vanishi ya kawaida hakuna anayeliona, unapitisha kitambaa unapeleka. Kwenye weusi unaong'aa kila kichembe kinaonekana toka mlangoni. Kwa hiyo sio vumbi lililosababisha marudio, vumbi lipo siku zote, ni masharti ya mteja. Nilipomuuliza msimamizi akaniambia kazi za kung'aa karibu zote wanazirudia angalau kidogo. Basi imeisha hiyo, ni friza, iende kwenye kadi ya kaunta.

Na ya ajali tunayo. Dogo mmoja alikusanya mabaki ya rangi ya mafuta ya ukutani akayamimina kwenye kopo tupu la sila, ile inayopakwa kwenye mbao kabla ya vanishi, lebo haikubadilishwa. Milango minane ya kabati ikapakwa rangi hiyo kama sila, wakapiga vanishi juu, asubuhi inabanduka kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Yote ikakwanguliwa. Haijawahi kutokea kabla na kopo sasa zinatobolewa zikiisha. Hiyo ukiiweka kwenye kadi ya kabati utakuja kukota makabati kwa bei ya ajabu, ukiiweka ovahedi utawachangisha wote kwa kitu ambacho hakijirudii. Andika hasara, iume mara moja, iishe.

Mpaka kati ya kawaida na isiyo ya kawaida sio mstari wa chaki, nikiri hilo. Karakana ambayo kila mwezi dogo anachanganya makopo haiwezi kusema ni ajali, hiyo ni tabia yao na ni sehemu ya gharama yao ya kawaida mpaka waiache. Kinachoangaliwa ni je, tukifanya kazi vizuri kama tunavyofanya siku zote, hiki bado kingetokea? Vanishi kupauka masika, ndio. Kubanduka kwa sababu ya kopo, hapana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndo lilinifanya niandike yote haya. Ile 6,000,000 ya bajeti ilitoka wapi? Nikamuuliza bosi, akasema jumla ya marudio yote ya mwaka jana. Yote. Nikakaa na makaratasi ya mwaka jana siku mbili, nikakuta katika hiyo 6,000,000, kama 4,500,000 ilitoka kwenye kazi za kung'aa, ambazo zilikula masaa 3,000 tu katika yale 12,000. Ya kweli ya pamoja, masika na mengineyo, ilikuwa 1,500,000.

Piga hesabu. Marudio ya pamoja ya kweli ni 1,500,000 kugawa kwa masaa 12,000, yaani 125 kwa saa, sio 500. Maana yake kila saa ya kazi ya kawaida ilikuwa inachangishwa 375 ya friza ya mtu mwingine.

Karakana hiyo pia inatengeneza madawati ya shule. Oda ya madawati 40 inakula masaa 160. Zidisha 375, unapata 60,000, gawa kwa madawati 40, ni 1,500 kwa kila dawati. Utasema 1,500 ni hela ya nini, ila nenda kwenye zabuni ya madawati uone watu wanavyopishana. Bosi alikuwa analalamika miaka miwili kwamba madawati hayana hela siku hizi na zabuni zinachukuliwa na watu wa vichochoroni, huku oda za kung'aa zinamiminika. Zinamiminikaje? Kwa sababu alikuwa anaziuza chini ya gharama inayostahili bila kujua. Mwenye friza akigundua mnachanga sawa ataleta friza ya pili.

Wapo watakaosema basi kila kitu kiende kwenye jobu, tumalize. Hapana, na hapa kuna mtego ambao nadhani ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani, nao ni kuchaji mara mbili.

Fikiria hivi. Kiwango cha saa ni 3,500, ndani yake ipo 500 ya marudio. Halafu marudio yanapotokea, fundi anajaza masaa yake kwenye kadi ya jobu ile ile aliyokuwa nayo mkononi, kwa sababu ndo rahisi, nani ana muda wa kutafuta kadi nyingine na vumbi lile. Kwa hiyo jobu imelipia marudio kwa 500 kila saa, na imelipia tena marudio yenyewe kwa ukamilifu. Hakuna aliyekusudia, ila kadi zote zinanona.

Unaligunduaje? Fungua akaunti ya ovahedi mwisho wa mwaka. Kwenye kesi niliyoikuta, marudio halisi yaliyoandikwa kwenye ovahedi yalikuwa laki 3 mwaka mzima, wakati bajeti ilisema milioni 6. Bosi alifurahi, akadhani mafundi wameboreka. Nikamwambia angalia upande wa pili. Ovahedi iliyogawiwa kwenye jobu ilikuwa masaa 12,000 kwa 3,500, milioni 42. Ovahedi halisi ilikuwa milioni 36 na hiyo laki 3. Imezidi kwa 5,700,000, ambayo ni karibu kabisa ile bajeti ya marudio. Ukiona ovahedi iliyogawiwa imezidi halisi kwa kiasi kinachofanana na tengo lako la marudio, na akaunti ya marudio imelala tu, usishangilie, marudio hayajapungua, yamejificha ndani ya kadi. Dalili nyingine ni kadi zenye masaa mengi kupita kota, jobu baada ya jobu, na hakuna anayekumbuka kwa nini.

Kwa hiyo kanuni ni kwamba tengo lililo ndani ya kiwango cha ovahedi liwe la marudio ya pamoja peke yake. Kama karakana yako haina marudio ya pamoja ya maana, yote ni ya oda maalum, basi kiwango kisiwe na tengo kabisa, kiwe ile 3,000, na kila jobu ibebe mzigo wake. Kama unayo ya aina mbili, kama hii ya Keko, kiwango kinakuwa 36,000,000 jumlisha 1,500,000 kugawa kwa 12,000, ambayo ni 3,125, na ya kung'aa yanaenda kwenye kadi za kung'aa yanapotokea. Huko kwenye kukota kazi za kung'aa ndo unaweka makadirio yake kabisa, milioni 4.5 kwa masaa 3,000 ni 1,500 kwa saa, mteja aone bei halisi ya kujiona sura kwenye kaunta.

Na hapo ndo napenda kujibu lile la grupu, kwamba "ukiandika kwenye jobu ndo mteja analipa." Hapana jamani. Bei ya kaunta ilishakubaliwa 2,800,000 kabla haijaguswa. Kuandika 240,000 kwenye kadi hakumpelekei mteja bili, kunapunguza faida yako uliyodhani unayo. Gharama na bei ni vitu viwili. Anayelipa ni mteja wa kaunta ijayo, kama umejifunza kukota. Isipokuwa mkataba ni wa kulipa gharama pamoja na asilimia fulani juu, hapo kweli kila unachokiandika kwenye kadi mteja anakilipa na wewe unapata asilimia juu yake, na ndo maana kwenye mikataba ya aina hiyo watu wanagombana sana kuhusu marudio. Huko lisiachwe kwenye busara ya mhasibu, liandikwe kwenye mkataba kabla ya kazi kuanza, marudio yapi yanahesabika na yapi ni juu ya fundi.

Lingine ni la yule aliyesema "ukiweka ovahedi umeficha." Inaweza kuwa kuficha, ndio, kama unaitupa kwenye bahari ya ovahedi bila jina. Ikiwa na akaunti yake ndogo ndani ya ovahedi inaonekana vizuri tu, na kusema kweli marudio ya pamoja yanaonekana zaidi yakiwa sehemu moja kuliko yakiwa yametawanyika kwenye kadi 80 za mwaka. Ni kwenye akaunti hiyo bosi aliona kwamba masika yanamla, akanunua thina ya taratibu na kujenga kibanda cha kupigia chenye turubai. Ingekuwa kwenye kadi angeona tu jobu fulani ilienda vibaya.

Na la kukata mshahara wa fundi, hilo ni suala la kazi na sheria zake, sio la kugawa gharama. Kosa la fundi halikuambii mfuko. Kosa dogo la kawaida ambalo binadamu yeyote anafanya mara moja moja ni taa ya uani hata kama tunamjua aliyelifanya kwa jina. Watu wanachanganya swali la nani alikosea na swali la jobu ipi ilisababisha.

Vitendo vyenyewe sio vigumu. Tulichapisha karatasi za rangi ya pinki. Fundi akirudia kazi hajazi kadi ya jobu, anajaza pinki, namba ya jobu, masaa, vifaa, na sentensi moja ya kilichotokea. Msimamizi jioni anaweka alama, J kwa jobu, P kwa pamoja, A kwa ajali, kabla hajasahau. Fundi haweki alama, nasisitiza hapo, maana mwanzoni tuliwaachia wao na kila kitu kikawa ajali. Marudio ya chini ya saa moja hatuyaandiki kabisa, kupitisha msasa mara ya pili kwenye kona ni sehemu ya useremala, ukianza kuhesabu hayo utaajiri karani wa kuhesabu karani.

Kuna karatasi moja ya pinki mpaka leo ipo kwenye meza yangu haina alama. Yule mteja wa loji alipiga simu miezi mitatu baadaye, kaunta imepasuka vanishi pembeni karibu na jokofu la vinywaji, mafundi wakaenda kurekebisha bure, masaa sita. Msimamizi akaandika J kisha akafuta. Nikamwambia hiyo wala sio marudio, kaunta ilishauzwa na kadi ilishafungwa, hiyo ni gharama ya dhamana baada ya mauzo, inaenda kwenye akaunti ya dhamana. Bosi akauliza, "Na hiyo akaunti tunayo?" Hatukuwa nayo, nimeifungua Jumatatu.